Butembo-Beni: Programu moja ya Telegramu, maduka kumi, kila duka kwa zamu yake

Tuseme maduka 10 ya Butembo na Beni yanaandikia wanunuzi wao kupitia programu moja ya Telegramu. Telegramu inairuhusu kutuma jumbe karibu 30 kwa sekunde. Duka kubwa likitangulia na jumbe 6.000, duka la dawa lenye jumbe 3 tu litangoja sekunde 200.

Dawa yake ni kila duka kuwa na foleni yake. Programu inazunguka, ikichukua ujumbe mmoja kwa kila foleni. Foleni tupu inarukwa, nafasi yake inaenda kwa wengine. Duka la dawa linamaliza kwa sekunde moja hivi.

Jibu `429` likitokea, foleni zote zisimame kwa sekunde zinazotajwa na `retry_after`, kwani kipimo ni cha wote.