Karatasi ya Kaunta: Mpe Mnunuzi Sababu Moja

Siku hizi waweza kuingia katika duka la mjini Mombasa, liwe la viungo, la udi na manukato au la mabaibui, ukakuta kauntani kile kimraba cheusi na cheupe kiitwacho msimbo wa QR. Kilibuniwa nchini Japani mwaka 1994, katika kampuni ya Denso, ili kufuatilia vipuri vya magari. Mfanyakazi wa kiwandani hakuhitaji kushawishiwa akisome, kwani ndiyo kazi aliyoajiriwa. Mnunuzi hakuajiriwa na mtu. Mkono mmoja una kikapu, wa pili umemshika mtoto, simu imo chini kabisa ya mkoba, na bando ni la pesa zake. Basi maneno machache yaliyo kando ya mraba ndiyo yatakayomfanya aitafute simu ile au aende zake.

Natutazame duka moja dogo la viungo, mfano wa yale yaliyopakana na Marikiti. Mwenye duka ni mama anayesaga bizari ya pilau kwa mkono wake. Kijana wake amemchapishia msimbo, na juu yake ameandika: "SKANI HAPA! Tufuate mitandaoni, upate ofa, mapishi na habari zetu." Maandishi haya tumeyaona katika maduka mengi, na aghlabu hayamfikishi mtu popote. Yameahidi mambo manne kwa pamoja, na hakuna hata moja ambalo mnunuzi analihitaji pale aliposimama. Kumfuata mtu mitandaoni kuna faida kwa mwenye duka, si kwa anayefuata. "Ofa" haikutajwa ni ya nini wala ya kiasi gani. Lililokuwa na thamani ni mapishi, nalo limezikwa katikati.

Sababu ya kuskani haitungwi mezani. Husikilizwa kauntani. Mama huyu akikaa siku mbili tatu na kalamu, akaweka alama kila aulizwapo jambo, ataona kuwa swali moja linayapita mengine yote: "Mama, kilo moja ya mchele nitie bizari kiasi gani?" Huuliza zaidi bibi arusi mpya, au mwenye wageni arubaini Ijumaa ambaye hajawahi kupikia zaidi ya watu sita. Anayeuliza ana hofu ya kweli. Akizidisha, pilau huwa chungu na nyeusi. Akipunguza, haina harufu. Na nyama na mchele vimekwisha kutiwa sufuriani. Pengine Mama amejibu, lakini jibu la mdomo limesahaulika kabla mnunuzi hajafika kituo cha matatu. Hapo ndipo simu ina kazi, kwa sababu inahifadhi kipimo mpaka saa ya kupika.

Kwa hivyo karatasi iandikwe upya, na swali la mnunuzi mwenyewe liwe juu kwa herufi kubwa:

"Kilo moja ya mchele, bizari kiasi gani?
Elekeza kamera ya simu hapa, uone vipimo vya kilo 1, kilo 5 na kilo 10.
Hatuulizi jina wala namba. Huu si msimbo wa kulipia."

Msitari wa kwanza haumwamrishi mtu. Unamsomea lile alilokuwa karibu kulitamka. Wa pili unasema afanye nini na atapata nini, wala hauna neno "skani" pekee, kwa kuwa si kila mama ajua kwamba kamera ya kawaida ya simu nyingi za sasa yatosha. Wa tatu unaondoa hofu mbili. Akina mama wengi hawapendi namba zao zichukuliwe dukani kisha watumiwe ujumbe usiku na mchana, na wana haki. Hofu ya pili ni ya hapa petu Kenya hasa: tumezoea kulipa kwa M-Pesa kauntani, na Benki Kuu ilizindua kiwango cha kitaifa cha msimbo wa QR wa malipo mwaka 2023. Mtu akiuona mraba karibu na sanduku la fedha hudhani anadaiwa. Yafaa karatasi ya vipimo iwekwe upande wa mizani, mbali na namba ya kulipia.

Ahadi ikishaandikwa, ukurasa unaofunguka lazima uwe ule ule ulioahidiwa. Wengi huteleza hapa. Karatasi yasema vipimo, kumbe msimbo unafungua ukurasa wa mbele wa duka wenye picha kumi nzito, na vipimo vimo chini kabisa. Au inatokea fomu ya kujisajili. Mnunuzi huyo hatajaribu tena, hata karatasi ibadilishwe. Vipimo viwe jambo la kwanza machoni, kwa maandishi matupu, ili vifunguke hata mtandao ukiwa dhaifu. Vipimo hivyo avipime Mama mwenyewe kwa bizari yake, maana ukali wa bizari hutofautiana kwa msagaji, na kijiko cha chai si kijiko cha kula.

Kuhusu uchapaji tutasema kidogo. Kanuni inayotumika sana ni kuwa upande wa msimbo uwe kama sehemu moja ya kumi ya umbali: anayesimama nusu mita atosheke na sentimita 5, na anayesubiri nyuma yake, mita moja, ahitaji sentimita 10. Pembeni pote paachwe nafasi nyeupe yenye upana wa vijimraba vinne vidogo vya msimbo wenyewe. Rangi iwe nyeusi juu ya nyeupe. Dhahabu juu ya maruni hupendeza kwa kadi ya harusi, lakini kamera hutaabika. Plastiki ya kung'aa chini ya taa nayo huuficha msimbo, na dawa yake ni kuilaza karatasi kidogo.

Liko pia jambo ambalo halionekani kwa macho. Baadhi ya huduma za kutengeneza misimbo hupitisha msomaji kwao kwanza, na muda wa bure ukiisha msimbo huacha kufunguka, ilhali karatasi iko vile vile ukutani. Ni bora msimbo ubebe anwani ya ukurasa wenyewe moja kwa moja, na anwani ikiwa fupi vijimraba huwa vichache na vikubwa, rahisi kusomeka. Kisha kuna wezi wanaobandika kibandiko chao juu ya msimbo wa mwenye duka. Kila asubuhi Mama apitishe ukucha ukingoni mwa mraba kuona kama kuna kilichoongezwa, auskani kwa simu yake, na atazame anwani inayotokea kabla ya kubonyeza.

Baada ya wiki mbili arudie ile hesabu ya kalamu. Swali la bizari likiwa limepungua, karatasi inafanya kazi. Likiwa liko vile vile, amwombe mnunuzi mmoja asiyeijua karatasi aisome kwa sauti, na amwangalie anakwama wapi: herufi ndogo, kivuli cha mizani, au ukurasa unaochelewa. Na kwa wenye simu za kabambe zisizosoma msimbo, vipimo hivyo hivyo viandikwe kwenye vikaratasi, viwekwe kando ya mifuko, kila apimiwaye bizari atiliwe kimoja ndani.