Kalamu Nyekundu Isubiri

Mgeni anayejifunza Kiswahili ameandika: "Jumamosi nilienda soko. Nilinunua samaki mbili. Jioni nilipika mama yangu. Alifurahi sana."

Mwalimu mwenye haraka atazungushia makosa yote matatu wino mwekundu, kana kwamba yana uzito mmoja. Hayana. "Soko" badala ya "sokoni" na "mbili" badala ya "wawili" yanakera sikio tu, habari imefika. Lakini mama aliyepikwa kisha akafurahi ni balaa. Mwanafunzi alitaka kusema "nilimpikia".

Mwaka 1975 Marina Burt, mtafiti wa ufundishaji wa lugha, alitenganisha makosa yanayovuruga sentensi nzima na yale yanayoishia kwenye sehemu yake moja. Ndiyo maana soma insha mara ya kwanza bila kalamu, na uweke alama ya penseli pale tu unapokwama. Hapo ndipo pa kuanzia. Usimwandikie jibu, muulize pembeni: "Chakula kilikuwa cha nani?" Akijibu kuwa ni cha mama, mwonyeshe "pika" na "pikia", kisha aandike upya sentensi hiyo.

Katika makosa madogo, chagua moja linalojirudia, labda upatanisho wa ngeli ya viumbe hai, mengine yaache kwa leo.

Mwalimu aliyezoea wanafunzi wake hukisia maana bila kujua. Ukiwa na shaka, mpe mwenzako asiyemfahamu mwandishi aisome.