TAARIFA KWA WAANDAAJI WA SEMINA: UTHIBITISHO WA MTOA MADA KWA BARUA PEPE MOJA

Watumishi wanaoandaa semina na makongamano wanaarifiwa kuwa mtoa mada akishakubali mwaliko hupaswa kuandikiwa barua pepe moja ya uthibitisho. Barua hiyo hutaja wakati wake wa kuzungumza, urefu wa mada, vifaa atakavyohitaji na saa ya kuwasili. Habari hizi zikitawanyika katika barua nne na simu mbili, kila upande hubaki na kumbukumbu yake.

Tuchukue mfano wa ofisa wa Unguja aliyealikwa kuzungumza Chitete, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Amepangiwa saa 4:30 asubuhi ya Jumatano, tarehe 14. Kichwa cha barua peke yake kimwambie hayo, ili aipate kwa haraka akiitafuta njiani: "UTHIBITISHO: mada yako Chitete, Jumatano tarehe 14, saa 4:30 asubuhi (10:30)".

Saa iandikwe kwa namna zote mbili. Tiketi na kalenda ya simu hufuata hesabu ya saa 24, na ndani yake saa 4:30 yetu ni 10:30. Mwenye kuandika "4:30" bila ya kutaja asubuhi wala kuweka mabano humwachia msomaji kubahatisha, na wengine husoma saa kumi na nusu ya alasiri.

Chitete inazo hadhari mbili zaidi. Mpaka wa Tunduma hautenganishi nchi tu bali na saa pia, kwani Zambia ipo nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu inayojirekebisha yenyewe ikidaka mtandao wa upande wa Nakonde hurudi nyuma saa nzima. Mgeni aliyelala Tunduma anaweza kuiangalia simu yake, akaona 09:30, akanywa chai kwa utulivu ilhali ukumbini anaitwa. Kwa hiyo barua iseme wazi: "saa za Tanzania".

Ya pili inatuhusu sisi watu wa visiwani. Kwetu usiku hutangulia mchana wake, na mtu akisema "usiku wa Jumatano" wengi wetu hufahamu usiku wa kuamkia Jumatano. Mwenyeji wa bara hufahamu usiku unaofuata mchana wa Jumatano, na chumba huwekwa kwa tarehe isiyo yake. Andikeni tarehe, msitegemee jina la siku peke yake.

Kuhusu urefu, neno "nusu saa" halitoshi. Mtoa mada hutayarisha maneno ya dakika 30, naye mwenyekiti amekusudia maswali yawemo humo humo. Hivyo basi iandikwe: dakika 20 za kuzungumza, dakika 10 za maswali, mwisho saa 5:00 kamili.

Katika vifaa, taja kilichopo na kisichokuwepo, kisha uliza swali moja. Kuuliza "unahitaji vifaa gani?" huleta jibu la "vya kawaida", nalo halina faida, kwani projekta yenye tundu la HDMI haipokei kompyuta yenye USB-C bila ya kiunganishi. Aidha, mwenye filamu ahitaji spika, na hilo hukumbukwa mara nyingi filamu ikiwa imeshaanza kimya.

Kuwasili ndiko kunakohitaji maelezo marefu. Uwanja wa ndege wa Songwe, licha ya jina lake, upo Mkoa wa Mbeya, na baada ya kushuka ingali safari ya gari ya saa kadhaa. Mvua za huko ni msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, si masika na vuli kama kwetu, na barabara za udongo huchelewesha. Mgeni apangiwe kufika siku moja kabla, kukiwa bado mchana.

Barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

"Ndugu Mtoa Mada, Assalaam Alaykum. Tunathibitisha kuwa utazungumza Chitete Jumatano tarehe 14, saa 4:30 hadi 5:00 asubuhi (10:30–11:00), saa za Tanzania: dakika 20 za mada na 10 za maswali. Ukumbini pana projekta yenye HDMI, kipaza sauti kimoja na jenereta. Hapana spika za kompyuta wala intaneti ya kutegemewa. Je, kompyuta yako ina tundu la HDMI? Tuletee nakala ya PDF kabla ya Ijumaa tarehe 9. Tafadhali uwasili uwanja wa Songwe Jumanne tarehe 13, kabla ya saa 8 mchana (14:00). Dereva atakungoja mlangoni, na namba yake ipo chini. Utalala usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Ukikubali yote, jibu 'Nathibitisha' pamoja na jibu la swali la kompyuta. Lisilofaa, litaje kabla ya tarehe 7."

Jibu likiwa "Sawa, ahsante" bila ya neno juu ya kompyuta, barua haijasomwa hadi mwisho, mpigieni simu. Panapobadilika jambo moja, itumwe upya barua nzima yenye neno "MABADILIKO" kwenye kichwa, na ile ya mwanzo itajwe kuwa imefutwa.