Bomba na Tangi: Namna ya Kubana Video Isikwame kwa Mtazamaji

Hotuba ya dakika kumi na mashindano ya ngalawa ya dakika kumi si mzigo sawa kwa mtandao. Mhutubu aliyesimama mbele ya pazia habadiliki sana kati ya fremu moja na nyingine, ilhali mawimbi hubadilika kila mahali. Ukibana kwa ubora thabiti, tuseme `-crf 23` katika FFmpeg, hotuba hupewa biti chache na mawimbi hupewa nyingi. Kwa faili la kuhifadhi, hilo ni jema. Lakini mawimbi yakidai megabiti 6 kwa sekunde, mtazamaji mwenye laini ya megabiti 2.5 atakwama mbio zinapopamba moto.

Dawa ni kubaki na ubora thabiti, kisha kuuwekea ukomo:

```
ffmpeg -i ngalawa.mp4 -c:v libx264 -crf 23 -maxrate 2M -bufsize 4M -c:a aac -b:a 128k mtandao.mp4
```

Fikiria tangi linalojazwa na bomba. `maxrate` ni kasi ya bomba: megabiti 2 kwa sekunde. `bufsize` ni ujazo wa tangi: megabiti 4. Kila fremu huchota sehemu yake, na tangi halitakiwi kukauka. Hotuba huchota kidogo, hivyo tangi hubaki limejaa na ubora uliochagua haubadilishwi. Mawimbi yakianza, tangi hupungua, na x264 hulazimika kupunguza ubora wa fremu zinazofuata.

Hapa ndipo wengi hukosea: `maxrate` haizuii kila sekunde. Tangi likiwa limejaa, sekunde 2 za mawimbi zinaweza kuchota megabiti 4 za akiba na 4 za bomba, yaani wastani wa megabiti 4 kwa sekunde. Mtazamaji hakwami kwa sababu kichezaji chake kilitangulia kupokea video ya kutosha kabla ya kuanza kuonyesha. Tangi la megabiti 20 lingehitaji akiba ya sekunde 10. Tangi dogo mno nalo hunyima fremu kamili, zile zinazochorwa upya nzima, biti zinazohitaji. Utaona picha ikififia na kurudi kila baada ya muda. Ukiacha `bufsize` kabisa, x264 hupuuza `maxrate`.

Kazi ikiisha, tazama wastani wa kasi unaoandikwa mwishoni. Ukiwa karibu megabiti 2, ukomo ndio ulioamua ubora karibu muda wote, wala si `-crf 23`. Ukiona pia vijisanduku kwenye maji, kupandisha `bufsize` hakutakuokoa. Punguza picha hadi 1280x720: fremu ndogo iliyo safi hutazamika kuliko kubwa iliyovunjika.