Siku kumi na mbili, ofa kumi na mbili

Mwaka 2004, katika mji wa Carrollton jimboni Texas, mfanyabiashara Matt Rutledge alifungua duka la mtandaoni lililoitwa Woot. Duka hilo lilikuwa na sheria moja ya ajabu: kila siku bidhaa moja tu. Ikiisha, imeisha, isipoisha, usiku wa manane inaondolewa na nyingine inashika nafasi yake. Bidhaa zenyewe hazikuwa za kustaajabisha. Nyingi zilikuwa vifaa vya umeme vya kawaida, vingine vilivyokuwa vimerudishwa kiwandani vikakarabatiwa. Kilichowafanya watu warudi kila siku, hata wasio na nia ya kununua, ni maneno. Waandishi wa Woot waliipa kila bidhaa kisa chake, wakaitania, na mara nyingine wakaikejeli waziwazi. Mwaka 2010 Amazon ililinunua duka hilo.

Wenye maduka wengi waliochukua mtindo wa ofa ya kila siku walichukua saa inayohesabu kurudi nyuma na kuyaacha maneno. Ndiyo maana Desemba inapofika, simu hujaa ujumbe wa aina moja: ofa kabambe, bei poa, usikose, leo tu. Siku ya kwanza mteja husoma. Kufikia siku ya tano ameshalijua jina la mtumaji, na anaufuta ujumbe kabla ya kuufungua.

Hesabu ya siku kumi na mbili ina asili ya Kikristo. Sikukuu ya Krismasi katika desturi za makanisa ya Magharibi huendelea tangu 25 Desemba hadi 5 Januari, kesho yake ikiwa Epifania. Kampuni ya Apple iliwahi kuifuata hesabu hiyo kwa karibu: kuanzia 26 Desemba hadi 6 Januari iligawa zawadi moja kila siku, leo wimbo, kesho programu ya simu, keshokutwa filamu au kitabu, na kila zawadi ilipatikana kwa saa 24 tu. Maduka mengi, hata hivyo, yamezirudisha siku hizo nyuma ya Krismasi, kwa sababu fedha hutumika kabla ya sikukuu. Kwa duka la Afrika Mashariki, 12 hadi 23 Desemba ni kipindi chenye mantiki: watu wananunua, wanafunga mizigo, wanasafiri.

Ugumu wake haujifichi sana. Mwenye duka akipanga punguzo la asilimia 15 kwa siku zote kumi na mbili, hakuna mwandishi atakayemwokoa. Atabadilisha vivumishi hadi viishe, lakini mteja anaona jambo lile lile. Uchovu wa maneno karibu kila mara huanzia kwenye ofa yenyewe, na hapo ndipo kazi inapopaswa kuanza, pengine wiki tatu kabla ya ujumbe wa kwanza.

Tuchukue duka la vyombo vya nyumbani Kariakoo, Dar es Salaam. Mwenye duka achore jedwali lenye mistari kumi na miwili na safu tatu: bidhaa, aina ya ofa, na mtu anayelengwa. Kisha ajiwekee sharti kwamba siku mbili zinazofuatana zisifanane katika safu zaidi ya moja. Kama jana ilikuwa blenda yenye punguzo kwa mama wa nyumbani, leo isiwe pasi yenye punguzo kwa mama huyo huyo. Iwe, kwa mfano, jiko la gesi kwa kijana anayeanza kupanga chumba, na ofa iwe fundi wa kuja kuliunganisha bure.

Aina za ofa ni nyingi kuliko wanavyodhani wengi. Kuna kushusha bei, na hiyo ndiyo ya kwanza kumjia kila mtu. Kuna kuuza seti ya vitu vinavyotumika pamoja, kutoa zawadi juu ya bidhaa, kupokea pasi mbovu na kuikata kwenye bei ya mpya, kumruhusu mteja alipe kidogo kidogo hadi mwisho wa Januari, kurefusha dhamana, kupeleka mzigo hadi kituo cha basi. Kila moja inamgusa mtu tofauti, kwa hiyo kila moja inamletea mwandishi sentensi ambayo jana hakuwa nayo.

Tofauti hizi zinalinda pia mfuko. Tuseme blenda imenunuliwa shilingi 60,000 na inauzwa 80,000. Faida ni 20,000. Ikipunguzwa asilimia 15, bei inakuwa 68,000 na faida inabaki 8,000. Ili apate shilingi 40,000 alizokuwa akipata kwa kuuza blenda mbili, sasa anahitaji kuuza tano. Lakini akiacha bei ilivyo na kuongeza jagi alilonunua shilingi 5,000, ambalo rafuni linauzwa 8,000, faida ni 15,000 kwa kila blenda, na blenda tatu zinamfikisha 45,000. Mteja naye ameona kitu cha shilingi 8,000 mkononi mwake. Punguzo la bei libakie kwa siku chache ambazo linahitajika kweli, hasa kwa mzigo uliokaa muda mrefu.

Mpangilio wa siku nao una uzito wake. Siku ya kwanza inahitaji ofa ya kuvuta macho, kwani ndiyo inayomfanya mtu aamini kwamba kesho kuna jambo. Katikati, kuanzia siku ya tano hadi ya nane, ndiko hamasa hulegea. Hapo pawekwe kitu ambacho mteja hakukitarajia, kama ile pasi mbovu yenye thamani. Siku za mwisho hazidai punguzo kubwa. Mtu anayenunua tarehe 23 anatafuta wepesi: zawadi iliyokwisha kufungwa, mzigo unaofika leo hii. Kumpunguzia bei mtu ambaye angenunua vyovyote vile ni kutupa fedha.

Yule anayesafiri kwenda Moshi kula Krismasi na wazazi hawezi kungoja hadi siku ya kumi na mbili. Ofa yake iwe siku ya nne, na iandikwe kwa ajili yake:

“Siku ya 4. Unapanda basi kesho? Hotipoti 3 zimeshafungwa kwenye boksi lenye kamba. Sh 45,000 leo hadi saa 12 jioni. Seti 30 tu. Jibu 4 tukuwekee.”

Hakuna kivumishi cha kusifu hata kimoja. Kuna boksi, kuna kamba, kuna basi. Ujumbe huu hauwezi kuhamishiwa siku ya saba, na hapo ndipo kipimo cha maneno mapya kilipo: ziandikwe sentensi za kwanza za siku zote kumi na mbili katika karatasi moja, zifichwe namba za siku na majina ya bidhaa, kisha apewe mtu mwingine azipange upya. Sentensi ambayo inaweza kukaa siku yoyote irudiwe. “Usikose ofa kabambe ya leo” itaanguka mtihani huo mara moja, na waandishi wa Woot wangeicheka.

Kuziandika zote kwa kikao kimoja kunasaidia pia kuona mazoea. Siku tatu zikianza kwa swali, mbili zibadilishwe. Moja inaweza kuanza na bei, nyingine na kasoro ya bidhaa iliyosemwa wazi (“Rangi ni moja tu, ya kijani, na si kila mtu ataipenda”), nyingine na neno la fundi. Kinachopaswa kubaki vilevile ni mifupa: namba ya siku mwanzoni, bei, mwisho wa muda, idadi iliyopo, namna ya kununua. Mteja asitafute taarifa hizo mahali tofauti kila asubuhi kwa sababu mwandishi anataka kuonyesha ubunifu.

Urefu nao si suala la ladha tu. Ujumbe mfupi mmoja wa kawaida wa simu unabeba herufi 160, nafasi na alama zikiwemo. Lakini ukiongezwa kikatuni kimoja tu cha uso unaocheka, mfumo hubadilisha namna ya kuzihifadhi herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe wa hotipoti ulioko juu, wenye herufi 145, ungegeuka kuwa jumbe tatu, na anayetuma kwa wateja elfu kupitia kampuni ya ujumbe hulipia zote tatu. Kwa WhatsApp hakuna kikomo hicho, ila orodha ya matangazo humfikia yule tu aliyehifadhi namba ya duka. Hali ya WhatsApp, ambayo hutoweka baada ya saa 24, inafaa sana ofa ya siku moja: hujifuta yenyewe.

Halafu kuna saa. Violezo vingi vya matangazo vimetengenezwa kwa Kiingereza, na mwenye duka akiacha “hadi 12:00” bila kueleza, mteja mmoja ataelewa mchana, mwingine usiku wa manane, na wa tatu, aliyezoea saa ya Kiswahili, atafika jioni jua likizama. Kuandika “hadi saa 12 jioni tunapofunga” kunamaliza ubishi. Namba ya siku nayo ina mtego wake: “siku ya 4” na “zimebaki siku 4” zikichanganywa katika msururu mmoja, kufikia katikati hakuna anayejua yuko wapi. Moja ichaguliwe.

Jambo linaloharibu msururu kuliko yote ni bei ya zamani iliyobuniwa. Duka linapandisha blenda hadi 95,000 mwanzoni mwa Desemba, kisha linatangaza “ilikuwa 95,000, sasa 80,000”. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, tangazo la punguzo linapaswa kutaja bei ya chini kabisa iliyotozwa katika siku 30 zilizotangulia. Mwaka 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja huo, katika shauri lililoihusu Aldi Süd na bei za matunda, iliamua kwamba punguzo lenyewe lazima lihesabiwe kutoka bei hiyo ya chini. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji kuhusu bei. Hata pasipo sheria, mteja wa Kariakoo aliyeuliza bei mwezi Novemba anaikumbuka.

Dalili za msururu unaoyumba huonekana mapema kwa anayesoma majibu. Wateja wengi wakiuliza “ya jana bado ipo?”, ofa ya leo ni dhaifu au inafanana mno na ile iliyopita. Wakiuliza “blenda itashuka lini?”, wameshajifunza kungoja, na huenda mauzo ya bei ya kawaida yamesimama. Dawa ni kutorudia bidhaa ndani ya siku kumi na mbili na kutoruhusu siku ya tisa kuipita siku ya tatu kwa bidhaa ile ile. Aliyenunua mapema asijione mjinga.

Swali la “ya jana” linahitaji jibu lililoandaliwa kabla, maana muuzaji wa kaunta ndiye atakayeulizwa saa 2 asubuhi akiwa peke yake. Jibu linaweza kuwa fupi: “Ya jana iliisha saa 12, leo ni jiko la gesi na fundi.” Akimpa mmoja kwa huruma, wa pili atakuja na rafiki yake. Na tarehe 24 Desemba bei zote zirudi zilivyokuwa, vibandiko vya ofa vitoke rafuni kabla duka halijafunguliwa, na seti zilizobaki ziuzwe kwa bei ya kawaida.