Wiki ya Mwisho Kabla ya Idd, Vyerehani Viwili

Mwulize fundi ana kazi kiasi gani, atakuhesabia nguo. Hesabu hiyo ndiyo humkesha, kwa sababu kinachopungua Ramadhani ikielekea ukingoni ni saa za cherehani.

Tuchukue fundi mwenye vyerehani viwili na kijana mmoja wa kukata na kupiga pasi. Ukiondoa umeme kukatika, sindano kuvunjika na wateja wa kupiga soga, kila cherehani hushona kweli kama saa 7 kwa siku, yaani saa 14 kwa vyote viwili. Daftarini ana magauni 14 ya saa 3 kila moja, kanzu 12 za saa 2, na nguo za watoto 16 za saa moja na nusu. Jumla ni saa 90.

Sasa kalenda. Mwezi huandama usiku wa kuamkia 30, au hukamilisha 30, na mteja hataki kusikia habari hiyo. Basi kazi iishe tarehe 28. Ikiwa 28 ni Alhamisi, siku za kushona ni Jumamosi hadi Jumatano, saa 70. Alhamisi yenyewe ni ya vifungo, kupunguza, kuongeza na kukabidhi.

Saa 20 hazina pa kukaa. Kukesha hakuzimalizi, mshono wa saa nane usiku hufumuliwa asubuhi. Heri nguo 14 za watoto zikatwe hapo dukani, kisha apewe fundi jirani azishone kwa malipo ya kila nguo. Mishono yake imenyooka na vipimo vimebaki mikononi mwa mwenyewe. Zinabaki saa 69.

Magauni yatangulie, maana ndiyo yanayorudi: kiuno kimebana, mkono umepwaya. Kanzu zifuate, na nguo mbili za watoto zilizobaki zifunge kazi. Za rangi moja zishonwe pamoja ili uzi usibadilishwe kila mara. Ambaye hajaleta kitambaa haingii kwenye mpango, hata kama ni shemeji.

Mpango ukianza kuyumba, dalili iko sakafuni. Vipande vilivyokatwa vikirundikana kando ya cherehani, kijana anakata kuliko kinachoshoneka, na hapo ndipo mkono wa huyu hushonewa gauni la yule. Akate kazi ya kesho tu, kila nguo ifungwe fundo lake pamoja na karatasi ya jina na vipimo.

Kipimo kikubwa ni Jumatatu usiku, saa 42 zikiwa zimetumika: magauni yote 14 yawe yameshonwa. Yakiwa 11, deni ni saa 9, na kanzu 5 ziende kwa jirani usiku huohuo. Jumatano atakuwa amejaziwa na wengine.