Salio Moja, Wenyewe Wawili

Neno "salio" limetokana na kitenzi "kusalia". Hutuambia ni kiasi gani kimebaki, lakini halisemi kimebaki kwa ajili ya nani. Upungufu huo mdogo wa maana umewapotosha wenye maduka wengi tangu M-Pesa ilipoanza humu nchini mwaka wa 2007, kwani simu huonyesha tarakimu moja tu hata pale ambapo fedha zilizomo ni za wenyewe wawili: duka na nyumba.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye kiduka cha sabuni, sukari na mafuta ya taa pale Khayega, kando ya barabara iendayo Kisumu kutoka Kakamega. Wateja humlipa kwa nambari ile ile anayotumia kulipia karo ya watoto wake. Mwisho wa mwezi anaomba taarifa ya akaunti kwa kupiga *334#, na katika safu ya Paid In anakuta shilingi 58,000. Anafurahi, akidhani hayo ndiyo mauzo yake. Kwa kuyategemea, anataka kuongeza shehena kwa mkopo.

Hebu tuipekue safu hiyo. Malipo ya wateja ni 42,000. Shilingi 6,000 ni sehemu ya mshahara wake aliyoihamisha kutoka benki. Na 10,000 ni noti alizotoa katika droo ya duka akamkabidhi wakala aziweke katika simu. Hizi za mwisho ndizo zenye hila kubwa zaidi, maana ni za duka kweli, lakini zilikwisha kuandikwa kuwa mauzo siku sabuni iliponunuliwa kwa taslimu. Kuziweka kwa wakala ni kuzihamisha tu. Akizihesabu tena, sabuni moja imeuzwa mara mbili.

Dawa yake ni daftari lenye safu mbili, "Duka" na "Nyumbani", na kila ujumbe wa M-Pesa uingizwe katika safu mojawapo jioni ile ile, kabla sababu yake haijasahauliwa. Taarifa ya akaunti huhifadhi tarehe, kiasi na jina la mlipaji. Sababu haimo.

Siku ya kwanza ya mwezi simu ilikuwa na 8,000. Mwalimu aliamua kwamba 5,000 ni za duka na 3,000 ni za nyumbani. Katika mwezi huo duka lilipokea 42,000 za wateja na zile 10,000 za droo. Likalipa duka la jumla 38,000, ada za kutuma fedha 400, na ujira wa mwalimu 7,000. Limebakiwa na 11,600. Nyumba nayo ilipata mshahara 6,000 na ujira 7,000, ikalipa karo 9,000, stima 1,000 na ada 100. Imebakiwa na 5,900.

Zingatia ujira huo. Haukuonekana popote katika simu, kwa kuwa ulihama kutoka safu moja hadi nyingine daftarini. Hata hivyo ndio nguzo ya mpango wote: hutolewa mara moja kwa mwezi, kwa kiasi kilichokwisha kuamuliwa. Mwenye duka akichota zaidi ya hapo, aandike kuwa nyumba imekopa dukani.

Sasa jumlisha 11,600 na 5,900, upate 17,500. Salio la simu lazima liwe hilo hilo. Likipungua kidogo, aghalabu ni ada zilizosahauliwa. Likipungua kwa kiasi kamili, kama 500 au 1,000, tafuta ujumbe ambao haukuandikwa.

Pana mtego mwingine, nao ni Fuliza. Mwalimu akinunua nyama Jumamosi kwa fedha za Fuliza, malipo ya mteja wa kwanza yakiingia hukatwa papo hapo kulipia deni hilo. Nyumba imekula, duka limelipa. Mauzo yaandikwe kamili katika safu ya Duka, na kiasi kilichokatwa kiandikwe kuwa deni la nyumbani kwa duka.

Wapo watakaouliza kuhusu Pochi la Biashara, ambayo huweka malipo ya wateja kando na salio la kawaida katika laini ile ile. Hupunguza kazi ya kuchambua, na sina neno nayo. Lakini anayetoa fedha pochini kununulia unga wa nyumbani bila kuandika hajatenganisha chochote.

Tena 11,600 hizo si faida. Ni fedha za duka zilizo katika simu tu, na ili ajue faida yake mwalimu atahitaji pia kuhesabu noti zilizo katika droo, bidhaa zilizo rafuni na madeni ya wateja, siku ile ile anapofunga daftari.